Taa za mapambo: zipi zitakazotoka kabatini zikiwa nzima sikukuu ijayo

Taa za waya nyingi huharibika siku ya kuziondoa, zinapovutwa kwa haraka na kusokotwa ovyo. Kwa hiyo nimezipanga kwa kuangalia pia zinavyovumilia kukunjwa na kuhifadhiwa.

Ya kwanza kwangu ni taa za LED zenye waya wa plastiki laini na adapta. Adapta hushusha umeme wa ukutani, mara nyingi hadi volti 24 au 31, kwa hiyo waya ukichubuka hatari hupungua. Ukitaka za nje, tafuta alama ya IP44, na usome adapta pia: mara nyingi taa huvumilia mvua ilhali adapta yake ni ya ndani tu.

Pima kabla ya kulipa. Dirisha la mita 2 kwa 1.5 lina mzunguko wa mita 7. Taa 100 zilizoachana kwa sentimita 10 hufika karibu mita 10, kwa hiyo zinatosha na kubaki. Angalia pia urefu wa waya usio na taa unaoelekea kwenye soketi. Ukiwa mfupi, taa zenyewe zitaning'inia hadi kwenye plagi.

Nafasi ya pili ni waya mwembamba wa shaba unaotumia betri. Hupendeza sana ndani ya chupa au kuzunguka kioo, palipo mbali na soketi. Udhaifu wake ni mikunjo: unapojipinda kwa kona kali mara kwa mara, hukatika hapo hapo. Ukimaliza, toa betri, maana zikivuja huacha ukoko unaokula vyuma vya kisanduku.

Za sola ni za tatu. Zinafaa bustanini penye jua la kutosha, lakini zikikaa gizani miezi mingi betri yake ikiwa tupu, huchoka mapema. Zichaji zijae, kisha uzime swichi ndipo uziweke.

Zile za zamani za balbu za nyuzi ziache dukani. Hupata joto, hula umeme, na mara nyingi balbu moja ikilegea kipande kizima huzimika.

Kuhifadhi huanza taa zikiwa bado zinawaka: kagua kama kuna sehemu iliyokufa, kisha chomoa. Kata katoni ngumu ya sentimita 20 kwa 30 na uichane kidogo kwenye kingo mbili zinazotazamana. Bana ncha ya mbali kwenye mchano mmoja, zungusha waya bila kuukaza, umalizie na plagi kwa nje. Mwakani utajaribu taa bila kuzikunjua zote. Adapta ikae mfuko mmoja na taa zake. Andika kwenye katoni "dirisha la sebuleni, mita 10, volti 31", kwa sababu adapta hufanana, na ya volti kubwa zaidi inaweza kuunguza taa zote.