"Ukali kidogo" ya nani? Mwongozo wa wazazi ulivyoniharibia jioni

Nimekaa na hasira hizi siku kadhaa, acha niziteme.

Dada yangu haangalii filamu za kupigana. Si maringo: akiona mtu anaumizwa, usiku halali. Kwa hiyo kazi ya kuchagua ni yangu, na kwa muda mrefu nimetumia mwongozo mmoja wa wazazi, ule ambao watazamaji wenyewe wanapiga kura kusema filamu ina ukatili kiasi gani, kisha wanaorodhesha matukio. Siutaji jina.

Juzi nikachagua filamu ya ndoa. Watu wazima wanazungumza, mvua inanyesha, basi. Kwenye ukatili paliandikwa "Mild", yaani ukali kidogo. Chini yake mistari miwili: mtu anapigwa kofi, sahani inavunjwa. Nikamwambia dada, hii haina neno.

Filamu ilipokaribia mwisho, mume akamkandamiza mkewe kwenye mlango wa jiko akamkaba koo. Hakuna hata tone la damu. Ila kamera haikuondoka, na muziki ulikuwa umezimwa, ukasikia pumzi tu na visigino vikigonga mbao. Mimi natafuta rimoti chini ya mto, dada ameshaingia chumbani na kufunga mlango.

Ukali kidogo! Nikaandika malalamiko palepale. Mmoja akanijibu kwamba kama ndugu yangu ni mwoga hivyo akaangalie katuni. Huyo bwana sijui katuni gani anaangalia. Ziko ambazo mzazi anauawa hata hujakaa vizuri kwenye kiti.

Hasira zilipopoa kidogo nikarudi kuusoma ule ukurasa upya, na hapo ndipo nilipoona aibu yangu. Kura zilikuwa 11 tu, na 8 kati yake zilisema kidogo. Watu 8! Na ukiwafikiria vizuri, wengi wanapima kwa damu, na wanalinganisha na filamu walizozoea wao. Aliyetoka kuangalia watu wakikatwa vichwa, kumkaba mtu kwake ni salamu. Upande wa matukio ya kutisha, ambao unapigiwa kura yake peke yake, walisema wastani. Sikuufungua. Nilitazama ukatili nikaridhika.

Halafu chini kabisa kuna sehemu iliyokunjwa, yenye onyo kwamba ukiifungua utaharibiwa hadithi. Mimi siku zote naikwepa. Nikaibofya. Mstari wa kwanza: mume anamkaba mkewe kwa muda mrefu, inasikitisha kuangalia. Kulikuwa kumeandikwa! Na ukifikiria, ni lazima mstari huo uwe pale, kwa sababu tukio baya kuliko yote mara nyingi ndilo linalogeuza hadithi. Kwa hiyo anayemchagulia mtu mwenye moyo mwepesi hana budi kukubali kuharibiwa hadithi yeye, ili mwenzake akae kwa raha.

Sasa sitazami tena kile kiwango. Nasoma vitenzi. Anamsukuma, anampiga risasi kwa mbali, anamkaba: hayo ni mambo matatu tofauti, na dada anaumia na lile la mikono na pumzi, si la risasi. Nikaijaribu filamu nyingine iliyopewa "Moderate", yaani wastani, ambayo zamani nisingeigusa. Maelezo yalisema vita vyote viko mwanzoni, wanajeshi wanaonekana kwa mbali, halafu basi. Tukaruka dakika 5 za kwanza. Dada aliangalia mpaka mwisho, akacheka mara mbili.

Nimeongeza na macho mengine. Wale wa BBFC, wanaopanga madaraja ya filamu Uingereza, hawaishii kwenye umri. Wanataja ni vitisho, ni majeraha au ni ukatili wa nyumbani, na kwenye tovuti yao kuna maelezo marefu zaidi. Alama ya umri ya Marekani, PG-13, peke yake hainisaidii kitu: watu wengi wanaweza kufa mle, mradi damu isionekane sana. Na tovuti ya Does the Dog Die, yaani "Je, mbwa anakufa?", licha ya jina lake, haiishii kwa mbwa. Watazamaji wanajibu ndiyo au hapana kwa swali mojamoja, likiwemo la ukatili wa nyumbani, na maoni yaliyo chini ya jibu yana faida kuliko jibu lenyewe. Filamu mpya au isiyojulikana sana, huko kote unaweza kukuta patupu. Hiyo naiangalia mwenyewe kwanza.

Nilianza kuandika nikitaka kuupa ule mwongozo nyota moja. Nimpe haki yake yule aliyeandika mstari uliofichwa. Yeye ana nyota tano. Wale 8, hapana. Nimeingia nikapiga kura yangu, "Severe", yaani ukali mkubwa, na mle kwenye ukatili nimeongeza kwamba anakabwa mlangoni, karibu na mwisho, na sauti inasikika yote. Dada bado ananiuliza kila filamu: "Umesoma mpaka chini?"