Masaa matatu na nusu ya Eco: nilichokiona kwenye kipima umeme

Mtu akiingia jikoni kwangu akaona mashine ya kuosha vyombo imeandika 3:30 baada ya kubonyeza Eco, programu ya kubana umeme, lazima aulize: kitu kinachonguruma masaa matatu na nusu kinabanaje umeme? Swali la haki kabisa, na kijitabu cha mashine hakilijibu. Kinatoa jedwali la dakika, lita na yuniti, basi.

Mashine yangu ni ya seti 13 za vyombo, haina madoido. Programu ninazozitumia ni tatu: Eco ya nyuzi 50, ile ya nguvu ya nyuzi 70, na ya haraka ya dakika 30. Niliichomeka kupitia kipima umeme kidogo cha ukutani (hakikisha chako kinahimili mzigo, maana hita ya mashine hizi huvuta wati 2,000 hivi), na mpira wa kutolea maji machafu nikautundika ukingoni mwa sinki, umwage kwenye ndoo yenye alama za lita. Kazi ya kuchosha kidogo, lakini inafundisha.

Ukikaa mbele ya kipima wakati Eco inaendelea, utaona namba ikicheza kwenye wati 60 hivi kwa muda mrefu sana. Hiyo ni pampu tu, inasukuma maji kwenye mikono ya kunyunyizia. Kisha ghafla namba inaruka hadi karibu 2,000, inakaa hapo dakika kadhaa, inarudi chini. Kwenye Eco mruko huo ulitokea mara mbili tu: mara ya kwanza kwenye uoshaji mkuu, mara ya pili kwenye suuzo la mwisho. Suuzo la awali na la katikati yalifanywa kwa maji ya baridi.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Pampu ya wati 60 ikizunguka masaa matatu mfululizo inakula yuniti 0.18. Hita ya wati 2,000 inamaliza kiasi hichohicho kwa dakika tano na nusu. Kwa hiyo mtengenezaji akiongeza saa nzima ya kunyunyizia, gharama yake ni ndogo kuliko kuacha hita iwake dakika mbili zaidi. Muda hauli umeme, moto ndio unaokula. Eco yangu ilimaliza na yuniti 0.9 kasoro kidogo, ikatumia lita tisa na nusu. Ya nguvu ilichukua masaa mawili na robo, ikala yuniti 1.4 na lita 13.

Wengi hudhani moto huo wote unakwenda kwenye maji. Hapana. Kila mara mashine inapojaza maji, inachukua lita tatu hivi tu na kuyazungusha mara kwa mara. Kupandisha lita tatu kutoka nyuzi 20 hadi 50 kunahitaji yuniti 0.1. Lakini maji hayapati moto peke yake: ndani mna kilo 15 za sahani, vikombe na sufuria, na bati la mashine yenyewe, na vyote hivyo lazima vipate joto pamoja na maji. Sahani pekee hula joto kama la maji au zaidi. Ndiyo maana kupanda kutoka nyuzi 50 hadi 70 kunauma kuliko unavyotarajia, hasa programu ya nguvu inapopasha pia maji ya suuzo la awali. Na ndiyo maana kuendesha mashine ikiwa nusu hakukupunguzii gharama kwa nusu: bati ni lilelile, maji karibu yaleyale.

Sasa, je, vyombo vinatakata? Nilipanga mzigo wa aina moja kwa kila programu: sahani na uma zenye yai lililokauka, bakuli za wali, glasi, na bakuli la kuokea lenye mafuta yaliyoungulia pembeni.

Kwenye yai na wali, Eco ilinishangaza. Uma zilitoka safi hadi katikati ya meno. Sababu iko kwenye sabuni. Vidonge na unga wa kisasa vina vimeng'enya, kimoja cha kuvunja protini na kingine cha kuvunja wanga, na vimeng'enya hivyo hufanya kazi vizuri kwenye joto la wastani vikipewa muda. Nyuzi 50 kwa muda mrefu ndiyo riziki yao. Maji yakifika nyuzi 70 upesi, vimeng'enya vinaharibika kabla ya kumaliza kazi, na yai lenyewe linaanza kuganda likizidi nyuzi 60 na kitu. Kwa hiyo kukimbilia programu ya nguvu kwa sababu ya yai ni kulipa zaidi upate kidogo.

Mafuta ni habari nyingine. Bakuli la kuokea lilitoka kwenye Eco na utando unaonata pembeni. Unapitisha kidole, kinaacha njia. Nyuzi 70 ziliuondoa wote isipokuwa doa jeusi la kuungua, na hilo hakuna programu itakayolitoa bila kulowekwa. Kwa ukoko wa sufuria pia usiitegemee mashine. Kwa hiyo programu ya nguvu naiweka kwa siku za sufuria na trei za mafuta. Glasi nyembamba siziweki humo, maana joto kali likirudiwarudiwa huzifanya ziwe na ukungu usiotoka tena, tofauti na ule weupe wa chokaa ya maji ambao siki huuondoa.

Ya haraka ndiyo iliyoniacha na malalamiko. Kwenye jedwali inavutia: dakika 30, yuniti 0.6. Lakini maji yake yalikuwa lita 10, yaani mengi kuliko Eco, kwa sababu haina muda wa kuzungusha maji yaleyale na badala yake inasuuza kwa maji mapya. Joto lake ni nyuzi 45. Yai lilibaki kwenye uma kama rangi ya njano, na kidonge cha sabuni nilikikuta kimebaki nusu, kimenata kwenye mlango wa kisanduku chake. Kwa programu hii tumia sabuni ya unga, inayeyuka mara moja.

Halafu kuna kukauka. Mashine kama yangu haina feni. Suuzo la mwisho likiwa la moto, vyombo hubaki na joto, maji yanageuka mvuke, na mvuke unarudi kuwa matone kwenye bati lililo baridi zaidi. Ya haraka haitoi joto la kutosha, kwa hiyo unafungua mlango unakutana na vyombo vinavyochuruzika. Vya plastiki ndivyo vibaya zaidi, maana haviwezi kutunza joto, na hata Eco huviacha na matone. Mimi naiona programu ya haraka kuwa ya glasi na vikombe vya chai vilivyotumika muda huohuo, wageni wakiwa bado sebuleni.

Jambo moja ambalo Eco haikuniambia: ukiitumia peke yake wiki baada ya wiki, mafuta hujikusanya polepole kwenye chujio na kwenye mpira wa mlango. Dalili ni harufu ya kichefuchefu unapofungua mashine ambayo haijaendeshwa tangu jana. Toa chujio, lisugue kwa brashi chini ya bomba, kisha endesha mara moja programu ya nyuzi 70. Harufu ikirudi upesi baada ya hapo, chunguza ukingo wa chini wa mlango, mahali ambapo mikono ya kunyunyizia haifiki.