Picha za kazi za akili unde: miwani na barakoa zina nafuu, filta ndiyo iliyotuuza

Dada yangu anafanya kazi kwenye zahanati hapa Kisumu na alitaka picha rasmi ya kuweka kwenye wasifu wake. Tukalipia huduma moja ya mtandaoni: unapakia picha 12 za uso wako, mashine inajifunza sura, kisha inakutengenezea picha ukiwa umevaa suti mbele ya ukuta wa kijivu. Jina la huduma siliweki, kwa sababu tatizo hili haliko kwao peke yao.

Kwenye simu yake tulipata tatu za ufukweni Dunga akiwa na miwani ya jua, mbili za kazini akiwa na barakoa, na zilizobaki ni selfi. Ukaguzi wa tovuti ulikataa barakoa moja, ukapitisha ile nyingine iliyokuwa imeshuka chini ya pua. Selfi zote zikapata alama ya kijani.

Matokeo yalikuja mazuri ajabu. Mama akaangalia, akauliza, "Huyu ni mtoto wa nani?"

Mwanya wa dada ulikuwa umezibwa. Pua imekuwa nyembamba, ngozi imepauka kidogo, na baka dogo lililo karibu na pua halipo. Katika picha kadhaa macho yalikuwa na kivuli kama cha mtu asiyelala, na moja ilikuwa na mstari mweusi uliotoka kwenye sikio ukapotelea shavuni. Huo ni mkono wa miwani.

Ukijua mashine inavyojifunza, hayo yote yanaeleweka. Inachukua kile kinachojirudia kwenye picha na kukihesabu kuwa ndicho mtu mwenyewe. Kinachobadilika, kama nguo au mandhari, inakiacha. Miwani kwenye picha tatu ilijirudia kiasi cha kuacha alama zake, lakini macho yalionekana kwingine, kwa hiyo sura haikupotea kabisa. Barakoa huficha mdomo na kidevu, na pale ambapo haioni kitu, mashine haiachi pengo. Inajaza kwa wastani wa nyuso nyingi ilizofundishwa awali, na wastani huo hauna mwanya. Kwenye selfi naye dada hutabasamu akiwa amefunga mdomo, basi mwanya wake haukuwa na shahidi hata mmoja.

Filta ya urembo iliyokuwa kwenye selfi zake ndiyo mbaya zaidi. Miwani unaiona, hata ukaguzi wa tovuti unaweza kuiona. Filta imejificha ndani ya uso wenyewe, na kwa kuwa selfi zote zilipigwa kwa simu ileile, pua ilibanwa vilevile na ngozi ikalainishwa vilevile kila mara. Kwa mashine, kosa linalojirudia namna hiyo ndiyo sura halisi. Dada hata hakujua kwamba ipo. Simu nyingi tunazonunua huku huja na urembo wa kamera ya mbele ukiwa umewashwa tayari.

Nilivyoitambua ni hivi. Kuza picha mpaka uone nyusi. Nyusi na nywele zikiwa kali, kila unywele peke yake, halafu paji la uso liko laini kama sahani, ngozi imepanguswa. Kisha tazama kitu kilichonyooka kilicho karibu na shavu. Kwenye selfi moja fremu ya mlango nyuma yake ilipinda ndani pale ilipokaribia taya, kwa sababu filta ilipobana uso ilivuta na mlango.

Rafiki alitushauri tutoe barakoa kwa apu nyingine kabla ya kupakia. Msifanye hivyo. Mdomo utakaotokea ni wa kubahatisha, kisha mnaupeleka kufundishia kana kwamba ni wake.

Tulilipa tena. Safari hii nilimpiga mwenyewe kwa kamera ya nyuma, urembo umezimwa, akiwa amesimama mlangoni penye mwanga wa asubuhi: mbele, pembeni kushoto na kulia, anacheka meno yakionekana, ametulia. Tulibadilisha blauzi na mahali, nguo na ukuta visije navyo vikashika. Mwanya ukarudi, pua ikarudi. Baka lilikuja kwenye baadhi ya picha tu, na mara moja likahamia upande wa pili. Vitu vidogo kama hivyo mashine bado huvikosea.

Kama huvaa miwani ya macho kila siku, usiivue kwenye picha zote, maana hiyo ni sehemu ya sura yako. Hakikisha tu lenzi haina mng'ao na macho yanaonekana vizuri.

Huduma naipa nyota 3 kati ya 5. Kazi wanaijua, lakini ukaguzi unaokataa barakoa na kuipigia filta alama ya kijani umetugharimu malipo mara mbili, na nilipoomba wanirudishie ya kwanza waliniambia picha zangu "zilikidhi vigezo".