Mtambo wa biogesi wa kuba, mita za ujazo 6: ni mzuri, ila usiulishe wali

Nautumia kwa jiko la nyumbani hapa Wete, Pemba. Unalishwa kinyesi cha ng'ombe watano wanaofugwa bandani, ndoo mbili na nusu za lita 20 kila asubuhi, na maji kiasi hichohicho. Jiko la sahani moja linawaka saa nne hadi tano kwa siku, moto wa buluu, sufuria hazishiki masizi. Kwa kazi hiyo naupa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya neno moja la muuzaji: kwamba mtambo "unakula kila kitu."

Haukuli kila kitu, na sababu iko kwa vijidudu wenyewe. Mle ndani mna makundi manne yanayopokezana kazi. La kwanza linavunja wanga, mafuta na protini kuwa sukari na vipande vidogo vinavyoyeyuka majini. La pili linachachusha vile vipande na kutoa asidi, hidrojeni na kaboni dioksidi. La tatu linazigeuza asidi hizo kuwa asidi ya asetiki, ile iliyomo kwenye siki. La nne ndilo linalotoa methani, gesi yenyewe inayowaka jikoni: sehemu kubwa, kiasi cha asilimia 70, kutokana na asidi ya asetiki, na iliyobaki kutokana na hidrojeni na kaboni dioksidi.

Shida ni kwamba mwendo wao si mmoja. Wachachushaji huongezeka maradufu kwa saa chache, watoa methani kwa siku kadhaa. Kinyesi cha ng'ombe hakileti ugomvi kwa sababu nyuzi za majani huvunjika polepole, asidi inatoka kidogokidogo na wa mwisho wanaimudu. Wali uliopikwa ni kinyume chake: wanga wake umeshalainika, unachacha mara moja.

Baada ya harusi ya jirani, mtambo ulitiwa mabaki ya pilau na maembe yaliyooza, jumla kama kilo 25 kwa siku, siku nne mfululizo, juu ya kinyesi cha kila siku. Siku ya pili shinikizo lilipanda, na hapo ndipo mtu anapodanganyika akadhani mambo ni mazuri. Iliyopanda ilikuwa kaboni dioksidi kwa wingi. Siku ya nne jiko linafoka lakini moto hauwaki, ukiwaka unaruka na kuzimika. Tope linalotoka upande wa pili lilikuwa na povu na harufu ya maziwa yaliyochacha. Karatasi ya kupimia pH, kipimo cha asidi ambacho namba ikishuka asidi imezidi, ilisoma 6 kasoro, na watoa methani wanataka kati ya 6.8 na 7.5. Hidrojeni nayo ilikuwa haina wa kuila, na ikijaa, kundi la tatu pia linakwama. Ndiyo maana mtambo ukishachacha haujirekebishi kwa kuendelea kulishwa, hata kama chakula ni kizuri.

Dawa ya kwanza ni kufunga mdomo: siku saba bila kulisha kitu. Gesi isiyowaka itolewe nje, mbali na moto. Kisha, ili kupunguza asidi, chokaa ya kupakia nyumba, nusu kilo kwa ndoo ya maji, asubuhi moja baada ya nyingine, huku ukipima tope la kutokea. Usimwage mfuko mzima. Chokaa nyingi kwa mara moja hushikana na kaboni dioksidi iliyo ndani, ikaganda chini kama mawe, na pH inayopanda kwa kishindo haikai. Kilichosaidia zaidi ni ndoo kumi za tope hai kutoka mtambo mwingine uliokuwa unawaka vizuri, maana hizo zinaleta watoa methani waliokwisha kukua. Moto wa buluu ulirudi baada ya wiki tatu, na ulishaji ulianza tena kwa nusu ndoo.

Joto la Pemba halina lawama hapa, tope halipoi kiasi cha kuwalaza vijidudu. Vingine vya kuangalia ni maji ya sabuni na klorini ya kuoshea banda, na kinyesi cha ng'ombe aliyechomwa sindano ya antibayotiki. Hicho kipeleke shambani moja kwa moja. Makonyo ya karafuu nayo yafagiliwe kando, yana mafuta yanayoua vijidudu.

Mabaki ya jikoni bado nayatia, lakini ni kilo mbili au tatu kwa siku, yamepondwa na kuchanganywa na kinyesi kwenye tangi la kuchanganyia, na karatasi ya pH hutumika kila Ijumaa. Ikisoma chini ya 6.7, wali unaliwa na kuku.