Rangi na praima za dari la bafu: zipi za kununua ili mvuke usizibandue

Kabla hujaingia hadiwea, chukua gamba moja la rangi iliyobanduka darini, ligeuze utazame mgongo wake. Ukikuta unga mweupe unaobaki kidoleni, basi kilichoachia si rangi uliyopaka mwisho. Ni kilicho chini yake: chokaa ya zamani, rangi ya bei ya chini iliyochoka, au skimu ya kusawazishia dari iliyolainika. Mgongo ukiwa safi na laini kama plastiki, rangi ya maji ilipakwa juu ya rangi ya mafuta inayong'aa bila kupigwa msasa. Gamba likiondoka na karatasi ya kahawia, bodi ya jipsamu yenyewe imelowa. Na kama kuna doa la manjano lenye ukingo wa kahawia linalorudi palepale, hata wiki ambazo hakuna aliyeoga maji moto, ujue bati au bomba la juu linavuja. Hapo usinunue rangi kwanza, mtafute fundi wa bati au wa bomba.

Watu wengi hununua kinyume. Wanachagua rangi nzuri ya juu, praima wanaiacha kabisa, na baada ya miezi michache magamba yananing'inia tena juu ya shawa. Mvuke hupanda, ukakuta dari lenye baridi, ukageuka matone. Maji hayo hupenya rangi kidogokidogo. Yakifika kwenye tabaka la unga, unga unalainika, na rangi iliyoushikilia inabaki haina pa kushika. Kwenye miji ya baridi kama Njombe, Mbeya, Limuru na Arusha jambo hili hutokea upesi, maana asubuhi bati limepoa na shawa ya umeme imewashwa hadi mwisho. Pwani wengi huoga maji ya bomba yasiyopashwa, lakini hewa ina unyevu na dari halikauki, kwa hiyo ukungu mweusi ndio hutangulia kabla ya magamba.

Dari la bafu ni dogo. Tuchukue bafu la mita 2.4 kwa mita 1.5, yaani mita za mraba 3.6. Lita moja ya rangi nzuri ya maji hupaka takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja, yaani ikipakwa mara moja. Mikono miwili hapo haimalizi lita. Kwa hiyo tofauti ya rangi ghali na rangi rahisi ni tofauti ya bei ya kopo moja dogo, wakati ufundi wa kukwangua na kupaka utaulipa uleule. Jihadhari fundi anapokwambia, "Mama, ile ya sebuleni imebaki nusu ndoo, tusiipoteze." Ile ya sebuleni karibu kila mara ni mati, yaani isiyong'aa, na mara nyingi imeshaongezwa maji mengi.

Praima, kuanzia ya kwanza

Nafasi ya kwanza naipa praima ya mafuta ya ukutani, ile inayouzwa kwa ajili ya lipu na kuta zenye chokaa. Hii ni nyepesi, inanywewa na tabaka la unga na kuliganda pamoja, jambo ambalo rangi ya maji haiwezi. Pia inazuia doa la kahawia lisichomoze, na karatasi ya jipsamu iliyochanika haivimbi chini yake. Ubaya wake ni harufu kali na kungoja hadi kesho yake kabla ya kupaka juu. Fungua dirisha, zima kila kitu chenye moto, na usilale chumba cha jirani usiku huo. Uliza dukani kama inastahimili chokaa ya saruji. Lipu mpya ina ukali unaogeuza mafuta ya kawaida kuwa kama sabuni, na rangi hubaki inanata. Hata ukiwa na praima sahihi, lipu mpya ipe angalau wiki nne ikauke.

Ya pili ni praima ya maji ya akriliki. Kwa bodi mpya ya jipsamu ambayo karatasi yake ni nzima, hii ndiyo ninayoipendelea, kwa sababu praima ya mafuta huweza kusimamisha nyuzi za karatasi na dari likawa na vinyweleo. Inakauka kwa saa chache na haina harufu ya kuumiza kichwa. Ila usiitegemee juu ya unga au juu ya doa.

Kopo lililoandikwa kwamba rangi ni praima na rangi kwa pamoja naliweka nafasi ya tatu. Linafaa pale ambapo rangi ya zamani bado imeshika vizuri na unabadilisha tu mwonekano. Kwenye dari lililobanduka, ni kujidanganya.

Gundi nyeupe ya mbao iliyotiwa maji haina nafasi kabisa. Mafundi wengi huipaka kama kiziba, na chumbani inaonekana kufanya kazi. Bafuni inarudi kuwa gundi kila inapolowa, na kila kilichopakwa juu yake kinateleza.

Rangi ya juu

Ya kwanza kwangu ni rangi ya maji ya akriliki yenye mng'ao wa silki au nusu mng'ao, iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Baadhi ya viwanda huiuza wazi kama rangi ya jikoni na bafu. Usipoipata, nunua silki ya ndani ya daraja la juu ya kiwanda unachokiamini. Mng'ao ule si urembo tu. Rangi inayong'aa ina matundu machache, kwa hiyo matone hukaa juu na kufutika, na ukungu haupati pa kujishikiza kirahisi. Dawa ya ukungu nayo ina mwisho. Miaka ikipita huisha, na bafu lisilo na hewa litalipiku kopo lolote.

Ya pili ni rangi ya mafuta. Wazee waliipenda na hawakukosea, maana maji hayaipenyi kwa urahisi. Lakini bafu lenye giza huigeuza kuwa ya njano, inazidi kuwa kavu na kukatikakatika kadiri inavyozeeka, na kila kovu la puti huonekana pindi taa ikiwashwa. Ninaichagua pale tu ambapo dari lina rangi ya mafuta tangu zamani na bado imeshika. Ipige msasa hadi mng'ao ufe, ukitumia msasa wa maji, kwa sababu rangi za mafuta za zamani huweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake si la kuvuta.

Mati ya kawaida inashika nafasi ya tatu, na ni kwa bafu la wageni lisilo na maji moto. Inaficha makosa ya fundi vizuri kuliko zote, ndiyo maana mafundi wanaipenda, lakini inanyonya maji na ukiisugua inaondoka na kitambaa. Chokaa na zile rangi za unga zinazokorogwa na maji ziko chini kabisa. Si kwamba zitabanduka zenyewe tu, bali zitakuwa unga utakaobandua rangi ya mtu atakayekuja baada yako.

Wapo wanaoniuliza juu ya epoksi. Ni ngumu kuliko dari lenyewe, inachanganywa kwa vipimo viwili, na kosa lake halirekebishiki. Iache kwenye sakafu za gereji. Kwa wale ambao dari lao linatiririka maji kila siku na hakuna dirisha, afadhali ubao wa plastiki wa darini. Hauhitaji praima wala rangi, ingawa nyuma yake ukungu unaweza kuota usiuone.

Kazi yenyewe kwenye bafu lile la mita za mraba 3.6

Tuseme ni jipsamu, magamba yako juu ya shawa, na mgongo wa gamba una unga. Zima umeme wa shawa na taa kwenye breka. Kwangua kila kinachokubali kutoka, na usisimame kwenye ukingo wa gamba. Endelea hadi kisu kigome. Penye ukungu paka jiki, sehemu moja kwa maji sehemu tatu, iache kama dakika kumi na tano, kisha suuza. Usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, kwani hutoa gesi ya sumu.

Sasa nyumba iogee kwingine, dari likauke. Halafu lijaribu: pitisha kiganja. Kikitoka cheupe, unga bado upo, futa kwa sponji yenye maji na ungoje tena. Kwenye rangi iliyobaki, chora alama ya msalaba kwa wembe, bandika tepe imara juu yake, ivute kwa ghafla. Tepe ikiondoka na rangi, kukwangua hakujaisha.

Paka praima ya mafuta kabla ya kuziba mashimo, si baada. Skimu ya kuzibia inahitaji kitu cha kushika. Kesho yake ziba kwa skimu ya msingi wa saruji, ile ya nje; skimu ya unga wa jipsamu hulainika ikilowa mara kwa mara, na ndiyo iliyoleta unga ule mgongoni mwa gamba. Ikikauka, piga msasa, rudisha praima kwenye viraka tu. Ukiruka hatua hii, viraka vitanywa rangi na kuonekana kama ramani. Kisha mikono miwili ya silki kwa rola ya manyoya mafupi, bila kuongeza maji zaidi ya kiasi kilichoandikwa kwenye kopo.

Rangi ya maji ikishikika kwa mkono haijakomaa. Huchukua wiki mbili hadi nne. Siku za kwanza oga maji ya uvuguvugu au kwingine, na acha dirisha wazi. Ukiweka feni ya kutoa hewa, hakikisha bomba lake linafika nje ya nyumba. Zipo nyingi zinazotupa mvuke juu ya dari, na jipsamu hulowa kutokea mgongoni, pasipopakwa chochote.

Ukianza kuoga mapema, huenda ukaona michirizi ya kahawia inayonata, kama asali iliyokonda, ikishuka kutoka kwenye rangi mpya. Wengi humpigia fundi simu wakidhani bati linavuja. Ni sabuni zilizomo ndani ya rangi ya maji zinazotolewa na mvuke kabla haijakomaa. Futa kwa kitambaa chenye maji vuguvugu, na ikirudi futa tena. Rangi yenyewe haijaharibika.