TAHADHARI: Muuza michoro anayebandika fremu kwenye picha za kuta tupu

Ndugu zangu mnaonunua michoro kwa simu, kuna muuzaji anatangaza "Tingatinga halisi, fremu na kioo". Nilimtumia shilingi 180,000 kwa mchoro wa chui, sentimita 60 kwa 60, rangi ya mafuta juu ya hadibodi, kama alivyochora Edward Tingatinga mwenyewe Dar es Salaam kuanzia 1968 mpaka alipofariki 1972. Nimeletewa karatasi iliyochapwa kwa mashine, ndani ya fremu ya plastiki. Kioo hakuna.

Kilichonivuta ni picha ya sebule, mchoro ukiwa ukutani juu ya kochi, na maneno "kwa mteja wangu wa jana". Sasa najua ukuta ule ulikuwa mtupu. Mchoro umebandikwa kwa kompyuta, na ningetulia dakika tano ningeliona hilo.

Kwanza mng'ao. Kwenye kioo cha fremu kuna weupe wenye umbo la dirisha, lakini dirisha pekee linaloonekana liko kwenye ukuta uleule, hatua mbili kushoto. Kioo kilicholala sambamba na ukuta huakisi vilivyo mbele yake. Dirisha la ukuta huohuo hakiwezi kulionyesha. Nikafungua picha zake nyingine: vyumba vitatu tofauti, mng'ao ni uleule, pembe ileile.

Nikatazama kivuli. Saa ya ukutani iliyo jirani ina kivuli kinachoshuka kulia. Fremu, kwenye ukuta huohuo, imezungukwa na weusi unaolingana pande zote nne, hata juu.

Kilichonimalizia shaka ni mistari. Picha ilipigwa kutoka pembeni, kwa hiyo ukuta unakwenda mbali kuelekea kulia. Niliweka rula juu ya kioo cha simu, nikafuata ukingo wa juu wa dirisha, halafu mstari wa dari, halafu ule wa chini ukuta unapokutana na sakafu. Yote inaelekea kukutana sehemu moja. Kingo za juu na chini za fremu haziielekei sehemu hiyo. Zimenyooka kana kwamba mpigapicha alisimama mbele yake kabisa. Upande wa kulia, ulio mbali zaidi, ulipaswa kuonekana mfupi kuliko wa kushoto. Ziko sawa.

Wapo wauzaji waaminifu wanaotengeneza picha za namna hii ili mteja aone mchoro utakavyokaa, na wanasema wazi kuwa ni mfano. Huyu anasema ni kazi aliyokwisha kuikabidhi. Kabla ya kutuma hela, mwambieni apige video akitembea kutoka upande mmoja wa mchoro hadi mwingine. Kwenye kioo cha kweli mng'ao utahama kadiri anavyosogea, na unene wa fremu utaonekana. Mimi nilipoiomba video hiyo, baada ya kulipa, alinifungia namba.

Jana ameweka simba. Sebule ni ileile, na mng'ao ni uleule.