Uzoefu wangu: kliniki ya madereva niliyoingia kupima presha, nikatoka na habari ya mguu

Naendesha semi-trela safari ndefu. Kliniki hii ni kontena lililowekwa penye maegesho ya malori, na mimi niliingia kupima presha tu. Sista alipomaliza hakunifungulia mlango. Macho yake yalikuwa kwenye soksi yangu ya kulia, iliyolowa chini ya kidole gumba.

"Kaka, hicho kidonda kina muda gani?"

"Wiki ya sita, lakini hakiumi."

"Kutouma kwake ndiko kunakonitia hofu."

Kwa kweli nilikuwa nakimwagia spiriti na unga wa vidonge, nikisema kitakauka chenyewe. Alinifumbisha macho, akawa ananigusa nyayo kwa kiuzi kigumu cha plastiki kinachopinda kikikandamizwa kwa uzito wa gramu 10. Nilitakiwa niseme "ndiyo" kila nikihisi. Nilikaa kimya mno, mpaka nikadhani hajaanza. Kisha akaingiza mkono ndani ya buti langu, akapapasa. Ncha ya msumari ilikuwa imechomoza kwenye soli. Nilikuwa nakanyagia mafuta juu yake wiki zote hizo, na sikuwa na habari.

Akanitoboa kidole: sukari 19.4. Akaniuliza kuhusu kiu, na kuamka usiku kukojoa. Vyote ninavyo, nilisingizia joto la injini. Akaniambia kipimo cha ghafla kikifika 11.1 na dalili hizo zipo, hicho ni kisukari, na kikikaa muda mrefu bila kutibiwa kinaua mishipa ya fahamu ya miguu.

Aligusa mapigo ya damu juu ya mguu na nyuma ya kifundo, akayakuta. Akachonga taratibu sugu iliyozunguka kidonda, na chini yake shimo likawa kubwa kuliko nilivyoliona. Alinikataza kabisa kuloweka mguu kwenye maji ya moto, maana mguu wenye ganzi unaungua bila mwenyewe kujua.

Kilichonifungua macho zaidi ni hili: dawa peke yake haifungi kidonda cha unyayo kama bado unakikanyaga. Aliniandikia barua ya rufaa siku ileile na kunitaka nisiendeshe, kwani pedali inabonyeza palepale. Nikampigia bosi, akatuma dereva mwingine. Hospitali walipiga picha kuona kama mfupa umeguswa, wakakuta mzima, wakanianzishia dawa za sukari na kunifunga plasta ngumu mpaka chini ya goti ili uzito usiangukie kidonda. Kilifunga wiki ya kumi na moja.

Kliniki naipa nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu wanafunga saa kumi na mbili jioni, saa ambayo wengi wetu ndiyo kwanza tunaingia kuegesha. Siku ile mimi niliwahi kwa sababu tu mzigo ulichelewa kupakiwa.